Mgeni amemwita mhudumu wetu mwizi, tena kwa jina. Nimjibu vipi?

*Dada mshauri, salaam aleikum.*

*Nasimamia nyumba ya wageni ya vyumba tisa hapa Malindi. Mgeni aliyelala kwetu Ijumaa na Jumamosi ametuwekea nyota moja kwenye Google Maps na kuandika: "Msilale hapa. Msichana wa usafi anayeitwa Zuhura ameniibia dola 200 kwenye begi langu. Wezi watupu." Jina hilo nimelibadilisha, ila kwenye maoni yake ameandika lile la kweli. Alipotoka Jumapili hakuniambia lolote.*

*Zuhura si wa usafi. Anahudumu mezani wakati wa chai ya asubuhi na huvaa beji yenye jina. Chumba cha mgeni kilisafishwa na mwenzake. Daftari la funguo lipo na kamera ya varanda ipo. Tajiri anataka Zuhura akae nyumbani kwanza mpaka mambo yatulie. Shemeji yake anasema tuwaombe marafiki watuwekee nyota tano. Mimi nimeandika jibu hili, nangoja tu kulibandika:*

*"Wewe ni mwongo. Zuhura hajakuibia. Zuhura ni wa mezani na haingii vyumbani, chumba chako namba 6 kilisafishwa na mwingine. Wewe mwenyewe Jumamosi usiku ulirudi umelewa na rafiki yako, pesa ulizipoteza huko. Kamera tunayo."*

*Liko sawa?*

*Meneja, Malindi*

---

Waaleikum salaam, kaka.

Usilibandike. Hasira yako naielewa na ina haki, lakini jibu hilo litamuumiza Zuhura, litamtumbukiza mwenzake, na wewe mwenyewe litakutafutia kesi. Nitakuonyesha wapi. Ila kabla hujaandika neno lolote hadharani una kazi ya siku moja au mbili, na ukiiruka hiyo, hata jibu zuri halitakuwa na miguu ya kusimamia.

Anza na kuhifadhi ushahidi, leo. Piga picha ya skrini ya maoni yenyewe, ionekane akaunti ya aliyeandika, nyota na tarehe, kisha nakili kiungo chake. Mwenye maoni anaweza kuyahariri au kuyafuta saa yoyote, na akishayabadilisha hutakuwa na pa kuonyesha alichosema mwanzo. Andika pembeni nani amepiga picha hiyo, kwa simu gani na saa ngapi, kwa sababu jambo likifika mahakamani, kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi ya Kenya kinataka cheti kinachoeleza ushahidi wa kielektroniki ulipatikana vipi.

Halafu kimbilia kamera. Mashine za kurekodi zikijaa huandika picha mpya juu ya zile za zamani, na mashine ndogo kama za nyumba zetu za wageni hazikai na picha muda mrefu. Mameneja wengi hubishana na mgeni kwa wiki kadhaa, na siku wanayokwenda kutoa picha wanakuta zimeshafutika. Toa picha zote kuanzia mgeni alipoingia Ijumaa mpaka alipotoka Jumapili, ziweke kwenye flashi mbili. Daftari la funguo lipige picha kurasa hizo zote. Ukikuta mahali saa haikuandikwa, paache hivyo hivyo. Saa iliyojazwa baadaye kwa kalamu nyingine itaharibu daftari zima.

Sasa kaa chini utazame kumbukumbu hizo zinasema nini, na wapi zinanyamaza. Kama picha na daftari zinaonyesha Zuhura hakuufikia mlango wa namba 6 siku zote alizokaa mgeni, umethibitisha jambo moja tu, kwamba yeye hakuingia chumbani. Hujathibitisha kwamba mgeni hakupoteza dola zake. Huenda zimepotea kweli, na alipotafuta wa kumlaumu akashika jina pekee alilokuwa nalo, lile alilolisoma kwenye beji akinywa chai. Kwa hiyo maoni yake yanaweza kuwa ya uongo kwa Zuhura bila yeye kuwa mtu aliyekaa akatunga uongo. Jibu lako lote litategemea kuyatenganisha mambo hayo mawili.

Zungumza pia na yule aliyesafisha, peke yake, kwa heshima ile ile. Aliingia saa ngapi, alitoka saa ngapi, mlango ulikuwa wazi au umefungwa, begi la mgeni aliliona wapi. Linganisha na kamera. Usimwendee kama mshukiwa. Unafanya hivyo kwa sababu ukishamsafisha mtu mmoja katika nyumba yenye wafanyakazi wachache, macho yote yanahamia kwa wa pili.

Na hapo ndipo jibu lako lilipokosea zaidi. Umeandika kwamba chumba kilisafishwa na mwingine. Malindi ni mji wa watu kujuana. Mnao wasafishaji wangapi nyumba ya vyumba tisa? Yeyote anayewafahamu atajua "mwingine" ni nani kabla hajamaliza kusoma, na wewe meneja wake ndiye utakayekuwa umemtaja.

Kosa la pili ni kulirudia jina. Umeliandika mara mbili, na mara zote karibu na neno la kuiba. Mtu atakayemtafuta Zuhura kwenye mtandao pamoja na jina la nyumba yenu, pengine mwajiri wake wa kesho, atalikuta jina kwa mgeni na kwako pia. Mgeni akija kuyahariri maoni na kulitoa, wewe utabaki umelishikilia. Katika jibu la hadharani mwite "mfanyakazi wetu" basi, hata kama jina lake liko mstari wa juu tu.

Kumwita mgeni mwongo ni kusema unajua alidhamiria kudanganya, na hilo hulijui. Kumtangaza kuwa alirudi amelewa na rafiki yake ni kutoa habari ya maisha yake uliyoipata kwa kuwa alikuwa mgeni wako, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 haikukabidhi habari hizo uzitumie kulipiza. Hata namba ya chumba usiiandike. Tena fikiria msomaji mwingine, anayetafuta pa kulala na mkewe wikendi ijayo. Atakachokumbuka ni kwamba nyumba hii humhesabia mgeni saa za kurudi usiku, kisha humtolea hadharani.

Lakini nakuonya pia na kosa la upande wa pili, ambalo mahoteli makubwa hulifanya kila siku kwa lugha laini. Ni lile jibu la "tunasikitika sana kwa yaliyokupata, jambo hili tunalishughulikia na hatua zinachukuliwa". Linasomeka la adabu, lakini kwa mtu aliyetajwa kwa jina ni kama hukumu. Hatua zinachukuliwa dhidi ya nani, kama si yeye? Zuhura hawezi kwenda pale chini kujitetea, na hata angeweza, nisingemshauri. Sauti yake pale ni yako. Kwa hiyo kanusha wazi, kwa maneno yasiyopinda, lile unaloweza kulithibitisha, na uishie hapo.

Kabla ya kubandika, ongea na Zuhura mwenyewe. Kama bado hajajua, asilisikie sokoni. Mwonyeshe maoni, mweleze kumbukumbu zinasema nini, msomee jibu unalotaka kuweka na umuulize kama analikubali. Huenda akataka usijibu kabisa mpaka maoni yaombewe kufutwa; hiyo ni haki yake kuisema, kwani linalochafuliwa ni jina lake. Akiomba aache kuvaa beji kwa sasa, mkubalie.

Ile rai ya tajiri, mrudishie kwa upole lakini usiitekeleze. Mfanyakazi anayeondolewa kazini wiki ile ile aliyotuhumiwa, mtaa mzima unamwandika mwizi, na maneno yako yote ya kumtetea yanakuwa bure. Na kama wazo la tajiri litageuka kuwa la kumwachisha, mwambie Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 41, inataka mfanyakazi anayetuhumiwa utovu aelezwe sababu kwa lugha anayoielewa, awe na mwenzake wa kazini au mwakilishi wa chama chake, na asikilizwe kabla ya uamuzi. Kumfukuza kwa sababu ya maoni ya mtandaoni ambayo daftari lenu wenyewe linayakanusha ni kuachishwa kazi isivyo haki, na mahakama inaweza kuamuru fidia ya hadi mishahara ya miezi 12. Nadhani hesabu hiyo ataisikia.

Baada ya hapo mwandikie mgeni faraghani. Google haikupi njia ya kumtumia mwenye maoni ujumbe wa siri, ila barua pepe au simu yake unayo kwenye nafasi aliyoweka. Ukijibu hadharani kwanza, Google inampa taarifa kwamba umejibu, na mtu aliyeshajibiwa mbele za watu huwa mgumu kurudi nyuma. Mwandikie mafupi: umesoma maoni yake, umekagua kumbukumbu, aliyemtaja hakuingia chumbani kwake, naye ni mhudumu wa mezani ambaye jina lake huonekana kwenye beji. Muulize lini mara ya mwisho aliziona hizo pesa na zilikuwa sehemu gani ya begi. Mwambie kama ameibiwa aripoti polisi apate namba ya OB, na nyinyi mtatoa kumbukumbu zote mkiombwa na polisi. Kisha umwombe jambo moja tu, aliondoe jina la mtu asiyehusika. Usimwombe afute malalamiko yote, na kabisa usimpe punguzo wala kumrudishia pesa ili afute. Kanuni za Google zinakataza kununua ufutaji wa maoni, na barua hiyo akiipiga picha na kuibandika mtaonekana mnaficha.

Mpe siku mbili au tatu. Akinyamaza, au akijibu kwa matusi, weka jibu. Mimi ningeandika hivi:

"Habari. Tumesoma malalamiko yako na tumekagua daftari la funguo na picha za kamera kwa muda wote uliokaa kwetu. Tuhuma uliyoandika dhidi ya mfanyakazi wetu si ya kweli. Kumbukumbu zinaonyesha hakuingia chumbani kwako. Hatujakuta sababu ya kumtuhumu mfanyakazi mwingine yeyote. Kama umepoteza pesa, tafadhali ripoti polisi, nasi tutawapa kumbukumbu zote watakazohitaji. Tumekuandikia barua pepe na tuko tayari kuzungumza nawe. Meneja."

Sentensi ya kumtaja mfanyakazi mwingine yeyote iweke tu kama umeshazungumza na yule msafishaji na kamera haikukuachia swali. Kama kuna dakika usizoweza kuzieleza, iondoe na uandike badala yake, "Mengine tunawaachia polisi wachunguze." Ukiweka jambo usilolijua ili jibu lijae, siku litakapopinduka litapinduka pamoja na lile la kweli. Pia usieleze Zuhura alikuwa wapi saa hizo. Angekuwa kliniki au msibani, hiyo si habari ya wageni.

Jibu hili si la mwisho. Google inakuruhusu kulihariri au kulifuta baadaye.

Sasa kuhusu kuyaondoa maoni yenyewe. Ingia kwenye akaunti ya biashara yenu, fungua maoni hayo, na kwenye vitone vitatu uchague `Report review`. Utaulizwa sababu. Wengi hudai tu kwamba maoni ni ya uongo kisha wakashangaa kukataliwa, kwa sababu Google haiamui nani mkweli kati ya mgeni na mwenye biashara. Mgeni huyu alilala kwenu kweli, kwa hiyo usidai kuwa ni akaunti bandia. Kilicho karibu zaidi na jambo lenu ni `Bullying or harassment`, kwani maoni yanamshambulia mtu binafsi kwa jina na kumpachika uhalifu. Ripoti mara moja. Kuwatuma wafanyakazi wote wabonyeze kitufe hicho hakuongezi uzito.

Baada ya siku kadhaa tazama hali ya ripoti kwenye ukurasa wa Google unaoitwa `Reviews Management Tool`. Ukikuta wameona hakuna kanuni iliyovunjwa, una nafasi ya kukata rufaa, nayo ni moja tu. Usiitumie kwa hasira. Nukuu sentensi yenye jina, eleza kwamba mtu huyo hana kazi ya kuingia vyumbani, na utaje kinachothibitisha.

Rufaa ikigonga mwamba, kuna mlango mwingine ambao ni tofauti kabisa, nao ni ombi la kisheria kwa Google kuondoa maneno ya kashfa. Fomu yake inataka kiungo kamili, maneno yenyewe yaliyolalamikiwa, na maelezo ya kwa nini si ya kweli. Hapo mwombaji anayefaa ni Zuhura au wakili wake, kwa kuwa kashfa imemgusa yeye. Nyumba ya wageni haiwezi kudai kwa niaba yake jina lake lililochafuliwa.

Hiyo ndiyo sababu nataka umwambie mapema kuhusu muda. Kwa sheria ya Kenya, kesi ya kashfa ya maandishi haifunguliwi baada ya miezi 12. Na Mahakama ya Madai Madogo haisikilizi kashfa, kwa hiyo atakwenda kwa hakimu wa kawaida, jambo lenye gharama na safari. Sisemi ashitaki. Barua moja ya wakili kwa mgeni, yenye picha za kumbukumbu, mara nyingi inatosha kumfanya mtu alitoe jina. Lakini uamuzi ni wake, na kama tajiri anataka kweli kumsaidia, gharama ya barua hiyo ailipe yeye. Ingekuwa heshima kubwa kuliko kumwambia akae nyumbani.

Rai ya shemeji iache. Nyota tano za marafiki ambao hawajawahi kulala kwenu ni udanganyifu kwa kanuni za Google, na zikiingia kumi kwa wiki moja, mwenye macho ataziona. Mbaya zaidi, mkikamatwa na maoni ya kupanga, nani ataamini jibu lenu kuhusu Zuhura? Kama mnataka maoni mengine, waombeni wageni wanaotoka kwenu waandike walichokiona, bila kuwachagulia nyota.

Jambo moja ambalo hukuniuliza. Mwandikie Zuhura barua yenye nembo ya nyumba, saini yako na tarehe, inayosema kwamba tuhuma iliyotolewa dhidi yake tarehe fulani ilichunguzwa, kumbukumbu zilizokaguliwa ni hizi, na ikaonekana hakuhusika. Nakala moja iingie kwenye faili lake, nyingine akae nayo. Siku akiomba kazi Watamu au Mombasa na mwajiri akamuonyesha yale maoni, awe na karatasi ya kutoa.

Na mgeni akikubali kulitoa jina lakini akabakiza nyota moja na malalamiko ya pesa, hapo mwachie. Hariri jibu lako siku hiyo hiyo, uondoe sentensi inayomhusu mfanyakazi aliyetajwa, maana sasa hajatajwa tena, ubakize ya kumbukumbu na ya polisi. Kisha upitie maoni hayo tena baada ya wiki chache uone kama hayajabadilishwa.